Siku tisa baada ya majaribio: kisa cha mkataba wa mwajiriwa wa kwanza

Usuli

Mwenye kisa hiki ana karakana ya kushona mapazia. Kwa miaka kadhaa alishona peke yake, na kazi zilipomzidi alimwita kijana mmoja mwenye mkono mzuri, akamlipa kwa kipande: pazia likiisha, hela inatoka. Utaratibu huo uliwafaa wote wawili hadi oda zilipoanza kuja kila wiki. Kijana alitaka uhakika wa mwezi, na mwenye karakana alitaka mtu atakayemkuta mlangoni kila asubuhi. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba sasa ni ajira.

Hapa nitawaita Mwenye Karakana na Fundi. Mimi ni mtu wa hesabu. Nawawekea vitabu wenye biashara ndogo, na mkataba ulipitia mezani kwangu kwa sababu mshahara lazima uingie kwenye vitabu. Majina nimeyaondoa, na mshahara nimeugeuza kuwa 390 kwa mwezi, bila kutaja fedha ya nchi yoyote, ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Uwiano wa tarakimu ndio ule ule.

Kabla ya kuandika chochote, Mwenye Karakana aliuliza kama inawezekana Fundi aitwe "mkandarasi wa kujitegemea" ili michango ya hifadhi ya jamii isimhusu. Nilimuuliza maswali matatu. Cherehani ni ya nani? Saa za kuingia anapanga nani? Fundi akipata kazi ya mtu mwingine mchana, ana ruhusa ya kwenda? Majibu yote yalielekea upande mmoja, na alicheka mwenyewe kabla sijamaliza. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema ajira ipimwe kwanza kwa namna kazi inavyofanyika na inavyolipwa, hata kama pande mbili zimeupa uhusiano wao jina jingine. Tukaliacha jambo hilo hapo.

Karatasi ya kwanza

Aliniletea mkataba wa kurasa kumi na moja alioupata mtandaoni. Ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kampuni yenye idara na mameneja. Kulikuwa na ukurasa mzima juu ya siri za kibiashara na mwingine juu ya gari la kampuni, wakati karakana haina hata baiskeli. Mshahara ulipewa mstari mmoja: "Mwajiriwa atalipwa mshahara wa mwezi kama ulivyokubaliwa." Kipindi cha majaribio kilikuwa "miezi mitatu", basi. Haikuelezwa kinaanza lini, kinaisha lini, wala nini kinatokea kikiisha. Kifungu kingine kilimpa mwajiri ruhusa ya kubadilisha masharti yoyote wakati wowote, jambo linalofanya vifungu vingine vyote kuwa mapambo.

Nilimwambia tuupime kwa swali moja: wakiachana kesho asubuhi, karatasi hii inawaambia nani anamdai nani kiasi gani? Tukajaribu. Haikutuambia. Tuliiweka kando tukaanza upya, na swali hilo ndilo tulilolirudia kwa kila kifungu.

Mshahara: tarakimu na njia ya kuikokotoa

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba walikuwa wamekubaliana 390 lakini kila mmoja alielewa lake. Fundi alisikia 390 mkononi. Mwenye Karakana alimaanisha 390 kabla ya makato. Hakuna aliyedanganya; ndivyo makubaliano ya mdomo yalivyo. Ukiandika kiasi cha mkononi, kila kodi au mchango unapopanda ni mwajiri anayebeba, na tarakimu ya kabla ya makato inabidi itafutwe kwa kurudi nyuma. Tuliandika 390 kabla ya makato, na siku hiyo hiyo nikaandaa hati ya malipo ya mfano ili Fundi aone kitakachobaki mkononi kabla hajatia sahihi. Uso wake ulishuka kidogo. Afadhali ushuke siku hiyo kuliko mwisho wa mwezi.

Kisha ikaja hesabu ya siku. Fundi alikuwa aanze Jumatatu tarehe 10, katika mwezi wa siku 30. Mwezi wa kwanza alipwe kiasi gani? Kuanzia tarehe 10 hadi mwisho kulikuwa na siku 18 za kazi, kwa kuwa wanafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Nikawaonyesha njia tatu zinazotumika, zote za haki kwa macho ya anayezitumia. Ukigawa kwa siku za kalenda, ni 21 kati ya 30, unapata 273. Ukigawa kwa siku za kazi za mwezi ule, zilizokuwa 25, unapata 280.80. Ukigawa kwa 26, ambao ndio wastani wa siku za kazi kwa mwezi katika wiki ya siku sita, siku moja ni 15 na siku 18 ni 270.

Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayozua maneno mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati watu wawili ndiyo kwanza wanaanza kuaminiana. Tulichagua 26 kwa sababu haibadiliki mwezi hadi mwezi, na kwa sababu inalingana na hesabu ya saa nitakayoieleza hapa chini. Kwa mwezi huo ndiyo iliyompa Fundi kidogo kuliko zote. Nilimwambia wazi, naye akakubali kwa sharti kwamba hiyo hiyo itumike siku ya kumlipa likizo na notisi. Kifungu kikasomeka hivi:

> Mshahara ni 390 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria, na hulipwa siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi pamoja na hati ya malipo. Mwezi usiokamilika hulipwa kwa siku zilizofanyiwa kazi. Thamani ya siku moja ni mshahara wa mwezi kugawanywa kwa 26.

Kuhusu makato tuliongeza sentensi moja: hakuna kitakachokatwa zaidi ya yale yanayotakiwa na sheria, isipokuwa Fundi amekubali kwa maandishi. Mwenye Karakana alitaka kitambaa kilichoharibika kikatwe kwenye mshahara. Nilimkatalia. Sheria za nchi nyingi hubana sana makato ya namna hiyo, na Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato yafanyike tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Mwajiri hawezi kujitungia.

Saa za kazi

Walisema "saa za kawaida". Nikauliza zipi. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja ya kupumzika isiyolipwa. Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana. Hizo ni saa 8 mara tano, ongeza 5: saa 45 kwa wiki. Kikomo cha saa 48 kwa wiki kimo katika mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919 kwa viwanda, na nchi nyingi zimeweka kikomo hicho au cha chini zaidi. Tulikuwa ndani.

Saa 45 mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, ni saa 195 kwa mwezi. Mshahara wa 390 ukigawa kwa 195, saa moja ni 2. Saa ya ziada walikubaliana iwe mara moja na nusu, yaani 3, na ihesabiwe pale tu Mwenye Karakana anapokuwa ameiomba kabla.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni. Siku ya wastani ni saa 7.5, thamani yake 15. Lakini Jumamosi ina saa 5 tu. Fundi akikosa Jumamosi bila ruhusa, ukimkata siku nzima umemkata 15 kwa kazi ya 10. Akikosa Ijumaa, umemkata 15 kwa kazi ya 16. Mtu mwerevu atakosa Ijumaa. Tukaandika kwamba kutokuwepo bila ruhusa hukatwa kwa saa, wakati likizo na malipo ya kuachana huhesabiwa kwa siku.

Likizo

Walikubaliana siku 24. Nikauliza: siku 24 za kazi au za kalenda? Kwa wiki ya siku sita, siku 24 za kazi ni wiki nne kamili nyumbani. Siku 24 za kalenda ni wiki tatu na siku tatu. Waliangaliana. Mwenye Karakana alikuwa amefikiria za kalenda, lakini baada ya mabishano mafupi alikubali za kazi, na sikukuu za umma zisihesabiwe ndani yake. Hapo nilimkumbusha kwamba sheria ya nchi huweka kiwango cha chini, na mkataba unaweza kutoa zaidi tu. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, uliorekebishwa mwaka 1970, unataka likizo isiyopungua wiki tatu za kazi kwa mwaka na unaondoa sikukuu za umma katika hesabu hiyo.

Tuliandika kwamba likizo hukua siku 2 kwa kila mwezi uliokamilika, kuanzia siku ya kwanza, majaribio yakiwemo. Karatasi ya mtandaoni ilikuwa imesema hakuna likizo wakati wa majaribio. Kuna tofauti kati ya kukua na kuchukua. Unaweza kumtaka mtu asubiri kabla ya kwenda likizo, lakini siku alizokwisha kuzifanyia kazi zimeshakuwa zake, na akiondoka bila kuzitumia zinageuka fedha.

Majaribio na notisi

Mwenye Karakana alitaka miezi mitatu ya majaribio. Mimi nilisita. Mkono wa Fundi alikuwa anaujua tayari. Alikuwa amemshonea mapazia kwa kipande muda mrefu. Alikuwa anamjaribu nini? Baada ya kufikiri alijibu vizuri: kufika kwa wakati, na kupokea wateja wakati Mwenye Karakana hayupo. Hayo hajawahi kuyaona. Tukayaandika mawili hayo kwenye kifungu, ili siku ya kupima wapime kitu kile kile, na tukaweka kikao cha katikati baada ya wiki sita. Tuliongeza pia kwamba utumishi unahesabiwa kuanzia tarehe 10 na kwamba kazi za kipande za nyuma zimelipwa zote. Sikumficha: sentensi hiyo ina nguvu ikiwa tu kazi za nyuma kweli hazikuwa ajira.

Majaribio hayana maana kama hayana mwisho. Hata Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaohusu kusitisha ajira, unaruhusu walio kwenye majaribio kuachwa nje ya kinga zake pale tu muda huo umepangwa mapema na ni wa kiasi. Kwa hiyo tuliandika tarehe kamili, si "miezi mitatu":

> Kipindi cha majaribio kinaanza tarehe 10 ya mwezi wa kwanza na kuisha tarehe 9 ya mwezi wa nne. Kabla ya tarehe ya mwisho mwajiri atampa mwajiriwa barua ya kumthibitisha, ya kusitisha ajira, au ya kuongeza majaribio mara moja kwa muda usiozidi mwezi mmoja, ikiwa na sababu. Ikiwa hakuna barua, mwajiriwa amethibitishwa. Ndani ya majaribio notisi ni siku 7 za kalenda kwa upande wowote. Baada ya hapo ni siku 30.

Sentensi ile ya "ikiwa hakuna barua" niliiweka mimi. Mwenye Karakana aliisoma akasema sawa, kama watu wanavyosema sawa kwa jambo wanaloamini halitawatokea.

Mkataba wote ulitoka kurasa mbili. Ulisomwa kwa sauti, ukatiwa sahihi kwenye kila ukurasa, na kila mmoja akachukua nakala yake halisi.

Kilichotokea

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda. Kikao cha wiki sita kilifanyika, dakika ishirini, na maandishi yakawa mistari minne: kuchelewa mara tatu, wateja hawana malalamiko. Mwezi wa tatu Fundi aliomba siku mbili za likizo kwa jambo la familia, akapewa, zikaandikwa.

Mwezi wa nne ulianza na oda kubwa ya mapazia ya jengo zima. Tarehe 9 iliangukia Jumapili. Hakuna aliyeikumbuka. Tarehe 18, Jumanne, mapazia kumi na manne yalirudishwa kwa sababu urefu wake haukulingana. Mengine yaligusa sakafu, mengine yaliishia juu ya kizingiti cha dirisha. Mwenye Karakana alikuwa amekasirika. Alimwambia Fundi, "Bado uko kwenye majaribio. Wiki hii ikiisha tumemalizana."

Fundi hakubishana. Alitoa nakala yake kwenye begi, akaifungua ukurasa wa pili na kumwonyesha tarehe. "Dada, majaribio yaliisha tarehe 9," alisema. "Mimi nilidhani umenithibitisha."

Saa hiyo hiyo nilipigiwa simu. Sentensi ya kwanza niliyoisikia ilikuwa: "Kile kifungu uliniandikia wewe, na sasa kinanifunga mimi."

Uamuzi wa tarehe 18

Nilimwomba asiseme neno jingine hadi tuweke hesabu mezani. Tulikokotoa hali mbili kwenye karatasi moja.

Ya kwanza ilikuwa ile aliyoikosa: kama angetoa barua ya kusitisha Jumamosi tarehe 8, ndani ya majaribio. Siku 7 zingeisha tarehe 15. Siku za kazi za mwezi hadi hapo ni 13, sawa na 195. Likizo iliyokua kwa miezi mitatu iliyokamilika ni siku 6, toa 2 alizochukua, zinabaki 4, sawa na 60. Saa 4 za ziada alizofanya wiki ya kwanza ni 12. Jumla 267.

Ya pili ilikuwa hali halisi: kumwachisha leo na kumlipa badala ya kumpa notisi. Siku 15 za kazi ni 225. Notisi ya siku 30 ni mshahara wa mwezi, 390. Likizo ni 60 zile zile, saa za ziada 12. Jumla 687.

Tofauti ni 420. Kati ya hiyo, 30 ni malipo ya siku mbili alizofanya kazi kweli. Zinazobaki, 390, ndizo gharama ya siku tisa za kusahau. Na fedha haikuwa yote. Baada ya kuthibitishwa, Fundi alistahili kuambiwa sababu na kusikilizwa kabla ya kuachishwa, na kosa moja la mapazia, bila onyo lolote la maandishi lililotangulia, lisingesimama vizuri mbele ya msuluhishi yeyote.

Aliuliza kama tunaweza kuandika barua ya kuongeza majaribio na kuipa tarehe ya wiki iliyopita. Nikamwambia hapana. Huko ni kughushi, na Fundi ana nakala na kumbukumbu. Pia ingekuwa kuvunja kitu ambacho hadi hapo kilikuwa kimebaki kizima kati yao.

Basi walikaa kuzungumza, mimi nikiwa pembeni. Tulianza na mapazia, tukaiacha ajira kwanza. Ikajulikana kwamba vipimo vya oda ile vilitumwa kwa ujumbe wa simu. Vyumba vya upande mmoja vilipimwa kama urefu wa pazia lililokamilika. Vya upande wa pili kama urefu wa kukata, pindo likiwa limeshajumlishwa. Mwenye Karakana ndiye aliyevipokea na kuvisoma kwa sauti. Fundi hakuuliza. Kosa lilikuwa la wawili, na Fundi alikiri sehemu yake bila kulazimishwa: kabla ya kukata kitambaa kwa oda kubwa, fundi huuliza.

Uamuzi ukawa kumbakiza. Aliandikiwa barua ya kuthibitishwa yenye tarehe halisi ya siku hiyo, ikisema uthibitisho umeanza tarehe 10, na barua ya pili ya onyo juu ya kutohakiki vipimo. Mwenye Karakana alitaka ziwe barua moja. Tulizitenganisha, maana barua inayokupongeza na kukuonya kwa pumzi moja haieleweki ni ipi kati ya hizo.

Matokeo

Fundi alikaa miezi minane zaidi. Kadi ya oda yenye nafasi mbili tofauti, urefu uliokamilika na urefu wa kukata, ilimaliza tatizo la vipimo. Kisha akapata kazi mahali pengine, akaandika barua ya kuacha kazi kwa notisi ya siku 30, kama mkataba ulivyotaka. Malipo ya mwisho yalikokotolewa mezani mbele yake kwa chini ya nusu saa, kwa sababu 26, 195 na siku 2 za likizo kwa mwezi zilikuwa zimeandikwa tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na mvutano mmoja tu, nitaueleza.

Kilichofanya kazi

Kilichowaokoa zaidi ni ile sentensi ya "ikiwa hakuna barua". Ilimgharimu Mwenye Karakana uhuru wa siku ile, na bado nasema ilimfaa. Bila sentensi hiyo wangekuwa na "miezi mitatu" tu, kila mmoja na tafsiri yake, na angemtoa Fundi kwa hasira, kisha akajifunza thamani ya notisi kutoka kwa mtu wa nje. Karatasi ilimpa jibu kabla hajalitekeleza kosa.

Nakala ya Fundi nayo ilifanya kazi yake. Mara nyingi naona mikataba iliyotiwa sahihi ikafungiwa kwenye droo ya mwajiri, na mfanyakazi hana hata picha. Siku ya tarehe 18 Mwenye Karakana hakukumbuka kifungu. Kama nakala ingekuwa moja, na kwenye droo yake, sidhani kama angeifungua akiwa katika hali ile.

Njia ya kukokotoa, kwa upande wake, haikuonekana kuwa na kazi hadi siku za mwisho. Fundi alipolipwa 270 mwezi wa kwanza alikubali hesabu iliyompunguzia kidogo, akijua itarudi upande wake. Ilirudi.

Kilichotushinda

Tarehe ilikuwa kwenye mkataba, haikuwa kwenye kalenda. Hili ni kosa langu kuliko lake. Nilijua kwamba biashara ya mtu mmoja haina ofisi ya utumishi ya kumkumbusha, na bado niliishia kwenye sahihi. Sasa ninapomaliza mkataba wa namna hii, naandika tarehe mbili kwenye kalenda ya mwajiri kabla hatujaondoka mezani: ya kikao cha katikati, na ya siku kumi kabla ya majaribio kuisha. Na tarehe ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, tunaisogeza nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia.

Kifungu cha ugonjwa kilikuwa kibovu. Tulidai cheti cha tabibu kwa kila siku ya kuugua. Fundi alipopata mafua ya siku moja, gharama ya kupata cheti ilizidi 15 anazolipwa kwa siku, basi alikuja kazini akiwa anapiga chafya juu ya vitambaa vya wateja. Tulikirekebisha kwa maandishi, wote wawili wakitia sahihi: siku ya kwanza na ya pili ataarifu kabla ya saa 3 asubuhi, kuanzia ya tatu alete cheti.

Vigezo vya majaribio navyo vilikuwa pungufu. Tuliandika kufika kwa wakati na kupokea wateja; hatukuandika kuhakiki vipimo, kwa sababu tulidhani mkono unajulikana. Akishona kwa kipande, vipimo alipewa vikiwa tayari kwenye karatasi. Alipoajiriwa, kazi yenyewe ilibadilika na hatukuliona hilo.

Mvutano wa mwisho ulihusu likizo ndani ya notisi. Alipoandika barua ya kuacha kazi, Fundi alikuwa na siku 10 za likizo. Alitaka kuzitumia ndani ya siku 30 za notisi, aondoke mapema. Mwenye Karakana alikuwa na oda na alitaka siku zote 30 za kazi, likizo ailipe fedha, 150. Mkataba haukusema lolote. Walikutana katikati: siku 5 alizichukua mwishoni, 5 akalipwa 75. Kwa mfanyakazi wa pili wa karakana hiyo, kifungu cha notisi kimeongezewa sentensi: likizo haitachukuliwa ndani ya notisi isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana kwa maandishi, na siku zisizotumika zitalipwa pamoja na mshahara wa mwisho kwa thamani ya siku iliyotajwa kwenye kifungu cha mshahara.